Ngisi dakika moja, pweza saa nzima: kukaanga upesi au kuchemsha polepole?

Pale Forodhani, Unguja, jua likishazama, muuzaji anachukua mshikaki wa pweza, anauweka juu ya makaa, anaugeuza mara mbili tatu, anaupaka pilipili na ndimu, na baada ya dakika tatu hivi uko mkononi mwako. Unauma na nyama inakatika vizuri. Kesho yake mgeni anakwenda sokoni, ananunua pweza mbichi, anawasha mkaa, anamchoma dakika tatu kama alivyoona. Anachopata hakina tofauti na kandambili.

Hakukosea dakika zake. Alichokosa kuona ni sufuria lililokaa jikoni kwa yule muuzaji tangu mchana, pweza akichemka taratibu na kifuniko juu. Makaa ya Forodhani ni ya kumpasha moto na kumpa harufu ya moshi tu, maana kuiva aliiva zamani. Nimeanza na habari hii kwa sababu naona ndiyo inayowapoteza watu wengi: wanaona moto wa mwisho na kudhani ndio moto wote.

Basi swali la kama umkaange upesi au umchemshe polepole lina jibu, lakini jibu hilo linategemea nani yumo ndani ya mfuko wako. Ngisi na pweza wanauzwa meza moja na kuingizwa kwenye kundi moja la "viumbe wasio na mifupa", ila jikoni wana tabia mbili tofauti.

Kwa nini kuna njia mbili na hakuna ya katikati

Nyama ya changu au kibua huachana yenyewe ukiigusa kwa uma. Ya pweza na ngisi haiachani. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zimesukwa kwenda pande mbalimbali kama ukili wa mkeka, na zimefungwa kwa utando mgumu uitwao kolajeni. Samaki wa kawaida ana kolajeni kidogo na dhaifu, lakini hawa wawili wanayo nyingi, na ya pweza imefungamana zaidi kuliko ya ngisi.

Kama umewahi kupika makongoro, kolajeni unaijua hata kama jina lake hulijui. Ndiyo ile inayoufanya mguu wa ng'ombe uwe mgumu asubuhi na kunata midomoni jioni. Moto ukiigusa hupita hatua mbili. Kwanza hujikunja, inabana nyama na kukamua maji yaliyomo. Hapo ndipo ngisi anapokuwa mpira, na hilo huanza pale joto la ndani ya nyama linapokaribia nyuzi 60. Ukiendelea kumpa moto wa upole, kolajeni ileile huanza kulegea na kuyeyuka kuwa ute laini, jeletini, na nyama inaachia.

Kwa hiyo kukaanga upesi ni kumtoa kabla hatua ya kwanza haijakamilika. Kuchemsha polepole ni kuivumilia hatua hiyo mpaka ipite. Kati ya hapo, tuseme kuanzia dakika ya tatu hadi nusu saa kwa ngisi, na zaidi kwa pweza, ni bondeni. Kila anayelalamika kuwa vitu hivi ni vigumu, ukimuuliza alipika muda gani, atakutajia dakika kumi au kumi na tano. Hazikuwa chache wala hazikutosha.

Ngisi na moto mfupi

Ngisi ameumbwa kwa moto mfupi kwa sababu ya unene wake. Mfuko wake, yaani kile kiwiliwili chenye umbo la bahasha, ni ukuta mwembamba. Ukikata pete za unene wa kidole chembamba, moto unafika katikati kabla hujamaliza kuhesabu hadi 60. Pweza hana sehemu ya namna hiyo. Mkono wake karibu na kichwa ni mnene kama muhogo mdogo, na ukisubiri joto lifike katikati, nje umeshavuka zamani.

Nilinunua ngisi kilo moja Feri, Dar es Salaam, saa moja asubuhi, wa urefu wa kiganja na vidole, macho yao bado maangavu na yanang'aa. Nilipomaliza kuwasafisha walibaki gramu 700 na kitu. Kusafisha ni kuvuta kichwa taratibu kikatoka na matumbo, kuchomoa ule mwiba wa ndani unaofanana na kipande cha plastiki angavu, kukata chini ya macho na kuyatupa, kisha kubinya katikati ya mikono mpaka ule mdomo mgumu uruke. Usiache macho. Yana maji ndani, na yakiingia kwenye mafuta ya moto hupasuka na kurusha mafuta usoni.

Ngozi ya zambarau unaimenya kwa vidole. Watu wengi huishia hapo, lakini chini yake kuna utando mwingine mwembamba sana usio na rangi. Ukwangue kwa kisu upande wa nje, maana ndio unaojikunja kwanza na kuufanya ukingo wa pete ukaze kabla ya nyama yenyewe. Kama ngisi ni wakubwa, mimi hupasua mfuko, naulaza kama karatasi na kuuchanja mistari ya mshazari upande wa ndani bila kuutoboa. Mistari hiyo inakata nyuzi, na nyama hata ikijikunja inabaki kuwa laini kuuma.

Adui wa kukaanga upesi ni maji. Pete zenye maji zikiingia kwenye karai, joto la mafuta linatumika kukausha maji kwanza, yaani ngisi wako anachemka ndani ya mafuta. Ndiyo maana huwa nawafuta kwa kitambaa safi, nawaacha kwenye chujio robo saa, nawafuta tena. Chumvi siweki kabla, kwa sababu inavuta maji nje. Ndimu nayo namkamulia akishatoka. Unga ni mkavu: vijiko sita vya unga wa ngano na vitatu vya unga wa mchele kwa nusu kilo, na pilipili manga. Uji mzito wa unga kama wa bajia unapendeza kwa macho, lakini unahitaji muda mrefu kuiva kuliko ngisi mwenyewe, na hapo ndipo unapomponza.

Mafuta yawe na kina cha kutosha kuzifunika pete, na moto uwe mkali. Ukiwa na kipimajoto, tafuta nyuzi 180 hadi 190. Usipokuwa nacho, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti. Povu dogodogo likikimbia kuuzunguka papo hapo, yako tayari. Kisha tia pete nane au kumi tu, hata kama karai lina nafasi ya thelathini. Hili naomba nilikazie, maana ndilo linalowashinda wapishi wazuri kabisa. Ukijaza karai, mafuta yanapoa ghafla, pete zinatoa maji, sauti ya karai inageuka kutoka kuchachatika na kuwa kama kunung'unika, na ukisubiri moto urudi zimeshafika dakika tano.

Hesabu sekunde 60, isizidi dakika moja na nusu. Nyama inageuka kutoka kuwa kama kioo na kuwa nyeupe pe. Rangi ya unga isikudanganye. Kama dakika moja na nusu imefika na unga bado haujapata rangi ya dhahabu, tatizo ni mafuta hayakuwa na moto. Watoe hivyohivyo weupe, ongeza moto, na kundi linalofuata litapendeza. Anayesubiri rangi anapata rangi nzuri na meno yanayouma. Watandaze kwenye wavu, usiwarundike kwenye bakuli, kwa kuwa wakirundikana wanaendelea kuivishana kwa mvuke.

Ngisi wa rojo kwenye kikaango naye hufuata sheria hiyohiyo, ila watu huigeuza juu chini. Wanaanza na ngisi, kisha wanaongeza kitunguu, nyanya, thomu, bizari, na ngisi anakaa humo dakika ishirini akingoja nyanya iive. Mchuzi uive kwanza, uwe mzito kabisa peke yake. Ngisi mkaange pembeni kwenye kikaango cha moto mkali na kijiko kimoja cha mafuta, dakika moja, kisha mimina kwenye mchuzi, geuza mara mbili, zima jiko. Hapo umekula.

Pweza na moto mrefu

Kwa pweza sina haja ya kukuficha msimamo wangu: pweza mbichi wa bahari yetu hakaangwi upesi. Wanaokaanga pweza wadogo nchi za wenzetu wanatumia wadogo kweli, mikono yao minene kama penseli. Kanuni za uvuvi Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na hata huyo wa gramu 500 tayari ni mnene mno kwa dakika moja. Ukikutana na vipweza vidogo sokoni, tatizo lake si la jikoni tu.

Pweza wangu siku ile alikuwa na kilo 1.4. Nilimuuliza muuzaji kama amepigwa.

"Kapigwa, dada. Huko huko mwambani."

"Kapigwa vipi, mbona mikono imenyooka?"

Akacheka, akapunguza bei.

Kumpiga pweza kwenye jiwe si mbwembwe za wavuvi. Kunavunja nyuzi na kuulegeza ule msuko, na unauona mwenyewe kwa sababu mikono ya pweza aliyepigwa inajikunja na kulegea, na ute unamtoka kama povu la sabuni. Usipokuwa na jiwe wala nguvu, friza itakufanyia kazi hiyohiyo. Maji yaliyomo ndani ya nyama yakiganda yanatanuka na kuzikata nyuzi kutoka ndani. Siku mbili kwenye friza, kisha umwache ayeyuke usiku mzima kwenye friji ndani ya bakuli, na muda wa jikoni unapungua. Kwa pweza, tofauti na samaki wengi, kugandishwa hakumharibii kitu. Wa kwangu nilimpika siku hiyohiyo, kwa hiyo muda utakaousoma hapa chini ni wa pweza asiyegandishwa na ambaye hakupigwa sawasawa.

Kichwa unakigeuza ndani nje kama soksi, unatoa matumbo, unakata macho na kubinya mdomo. Halafu unamsugua kwa konzi ya chumvi ya mawe, hasa kwenye vile vikombe vya kufyonzea ambamo mchanga hujificha, na kumsuuza mpaka vidole visiteleze tena. Baada ya hayo alibaki kilo 1.2.

Sasa sufuria. Nilimweka mkavu, bila tone la maji, na kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili na kipande cha tangawizi. Nikafunika, moto mdogo. Mwenye mashaka ataogopa kuwa ataungua, lakini ndani ya dakika kumi pweza alikuwa anaogelea kwenye maji yake mwenyewe ya rangi ya rozela, kama vikombe viwili. Amebeba bahari ndani yake. Ndiyo maana vilevile chumvi haiingii hapa. Maji yale yana chumvi tayari, na kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyokolea. Ukitia chumvi mwanzoni, mwishoni una pweza laini asiyelika.

Moto uwe wa kiasi gani? Uangalie uso wa maji. Unataka viputo vichache vinavyopanda hapa na pale, vya kivivu. Yakitokota kwa nguvu, ngozi inachanika na kuelea vipande vipande, nje inakuwa ujiuji na katikati ya mkono bado kugumu. Haraka haikusaidii, kwa sababu kolajeni haiyeyuki kwa vurugu ya maji. Inayeyuka kwa muda inaokaa kwenye joto. Kwenye jiko la mkaa hii ni rahisi: sogeza makaa pembeni na uyafunike kwa majivu. Kwenye gesi, tumia jicho dogo kabisa, na kama bado ni kali, weka bati chini ya sufuria.

Nilimchoma kwa ncha ya kisu kila baada ya muda, mahali palepale, pale mkono unapokutana na kichwa, kwa kuwa ncha za mikono huiva mapema na hukudanganya. Dakika ya 20 kisu kiligoma. Hapo pweza alikuwa mgumu kuliko alivyokuwa mbichi, na amesinyaa mpaka unajiuliza kama umeibiwa sokoni. Dakika ya 40 ncha za mikono zilikuwa laini lakini shina bado. Dakika ya 60 kisu kiliingia, ila nilipokivuta kikamnyanyua pweza pamoja nacho. Dakika ya 75 kikaingia na kutoka kama kwenye muhogo ulioiva. Nikazima, nikamwacha kwenye maji yake dakika 25 na kifuniko juu. Usiruke hatua hiyo, maana nyama iliyolegea ikipoa ndani ya supu yake inabaki na unyevu, na ngozi inashika.

Nilipompima alikuwa gramu 680. Kutoka kilo 1.4 ya sokoni hadi gramu 680 za sahani, yaani nusu imekwenda. Ukialika watu wanne, nunua kwa hesabu hiyo, usinunue kwa macho.

Kutoka hapo ndipo anapoingia kwenye nazi. Yapo majikoni wanakomchemsha kwenye tui tangu mwanzo, na matokeo yake ni tui lililokatika, mafuta juu na machicha ya maziwa chini, kwa sababu tui halivumilii saa nzima ya moto. Mimi nilikaanga kitunguu, thomu na tungule mbili mpaka zikashikana, nikaweka nusu kijiko cha bizari, nikamimina kikombe kimoja cha supu ya pweza, halafu tui jepesi la nazi mbili. Nusu ya pweza, iliyokatwa vipande, ikaingia kwa dakika kumi. Kasimile mwisho, unakoroga upande mmoja bila kuacha lichemke kwa fujo, na ndimu baada ya kuzima. Chumvi nilionja hapo kwa mara ya kwanza, na sikuongeza hata kidogo.

Ukiangukia bondeni

Kuna siku, miaka michache nyuma, niliwakaangia wageni ngisi huku nazungumza na simu. Nilipoonja pete ya kwanza nikajua nimeshaharibu. Wageni walikuwa wameshaketi mkekani. Nikampigia shangazi yangu, mtu wa Mafia, aliyekulia kwenye madau.

"Shikamoo shangazi, ngisi amekuwa mgumu, nifanyeje?"

"Marahaba mwanangu. Umeshamtoa motoni?"

"Nimeshamtoa."

"Mrudishe. Ngisi akishakushinda, mfanye pweza."

Sikuelewa mpaka nilipofanya. Nilitoa zile pete, nikazisuuza unga kwa maji ya moto, nikaziweka kwenye sufuria na tui jepesi na nyanya, nikafunika, moto mdogo. Wageni walikula mkate wa kumimina na chai ya kwanza na ya pili. Baada ya dakika 40 pete zilikuwa laini, na mchuzi umekuwa mzito wenyewe kwa ule ute ulioyeyuka. Wakauliza mapishi.

Jambo ambalo silika inakataa ni hilo: kitu kikiwa kigumu kwa kupikwa kupita kiasi, dawa yake ni kukipika zaidi. Kwa nyama ya kuku ungekuwa wazimu, lakini kwa ngisi ndiyo njia pekee, kwa sababu mlango wa kwanza ukishafungwa hakuna kurudi nyuma. Kosa la kweli ni kumtoa dakika ya kumi na tano kwa kukata tamaa.

Upande wa pweza kosa hilohilo huja kwa sura nyingine. Mtu anachemsha nusu saa, anaona bado, anasema "huyu pweza ni mzee", anazima. Umri unaongeza muda, ndiyo, na ukubwa unaongeza zaidi. Pweza wa kilo tatu anaweza kukudai saa moja na nusu, pengine mbili. Lakini ukimpa muda na moto wa upole atalainika. Sijaona pweza aliyekataa kabisa. Niliowaona ni wapishi walioishiwa na gesi.

Zipo njia za mkato. Papai bichi ndilo mashuhuri, kipande ndani ya sufuria au jani lake limefungiwa pweza usiku kucha. Utomvu wake unakata nyama kweli, ila unaanzia nje, na maji yakichemka sawasawa nguvu yake inakufa. Ukimlaza na papai muda mrefu unapata pweza mwenye ngozi ya kamasi na moyo wa ubao. Nusu saa kabla ya kupika inatosha, na mimi kwa kawaida siliweki. Sufuria la presha lina manufaa zaidi: pweza wa kilo moja, kikombe kimoja cha maji, dakika 15 hadi 18 tangu lianze kupiga filimbi, kisha uache mvuke utoke wenyewe. Ubaya wake ni kuwa huwezi kumchoma kisu katikati ya safari, na ngozi mara nyingi inamtoka. Kwa supu si neno. Kwa pweza wa kuchoma, anayetakiwa apendeze sahanini, bora sufuria la kawaida.

Sasa uchague

Mezani kwangu uamuzi huu unafanywa sokoni, kabla moto haujawashwa. Ngisi wembamba wa kiganja, wabichi wa siku hiyo, nakwenda nao kwenye mafuta, kwa sharti kwamba walaji wako tayari wameketi. Ngisi wa kukaanga hangoji mtu. Robo saa baada ya kutoka ameshalegea unga na kukaza nyama, na ukimpasha moto tena umemrudisha bondeni. Kwa futari ya watu kumi na wawili simkaangi hata kwa kulazimishwa, kwa sababu kwa makundi ya pete nane nane wa kwanza watakuwa wameshapoa kabla wa mwisho hawajaingia karaini.

Ngisi wakubwa wenye ukuta mnene, au waliokaa kwenye barafu siku kadhaa na kuanza kutoa maji mengi, nawapika polepole kwa nazi, dakika 40 hadi 45. Wanakubali njia zote mbili, lakini ya pili inasamehe zaidi. Dome naye, yule mwenye jiwe jeupe mgongoni, ni mnene kuliko ngisi. Ama umkate vipande vyembamba sana kwa kisu kikali na umpitishe motoni, ama umtendee kama pweza. Pweza mkavu, wale wanaoanikwa juani mpaka wakawa kama ngozi ya ngoma, hana mjadala. Analowekwa usiku kucha, maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu ya chumvi, kisha anachemshwa mpaka akubali.

Gharama ya moto huwa inatajwa kama hoja dhidi ya pweza. Saa moja na robo ya mkaa ni pesa, sibishi. Lakini hesabu pia lita ya mafuta ya kukaangia ngisi, ambayo baada ya hapo yananuka samaki na hayapikii maandazi. Na pweza anapikwa mara moja akaliwa mara mbili. Nusu iliyobaki ya pweza yule wa Jumamosi niliiweka kwenye friji ndani ya supu yake. Jumapili jioni nikatoa mikono mizima, nikaifuta maji, nikaipaka mafuta kidogo na ukwaju, nikaiweka juu ya makaa mekundu dakika mbili kila upande mpaka vile vikombe vikaanza kuungua kingo. Mtoto wa jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Mama, huyo pweza anaiva dakika nne tu?"

Nikamwambia aende jikoni akalitazame sufuria.